Umeona #N/A kwenye seli? Usianze kuhangaika hapohapo

Juzi dada mmoja anayeshika hesabu kwenye duka la jumla la vyombo Kariakoo, sufuria, sahani, ndoo, yale maduka ambayo mzigo umefika mpaka nje na mpita njia anaupisha, kanipigia jioni anasema kaka faili langu la Excel limekufa. Bosi anataka mauzo ya mwezi kesho asubuhi, na shiti ya muhtasari yote imejaa #N/A. Ameshafuta fomula ya muhtasari akaiandika upya mara nne na bado jibu lilelile, ndo akaamua kunitafuta.

Nilipofika nikahesabu. Faili zima lilikuwa na #N/A kumi na moja na #VALUE! moja, makosa kumi na mbili kwenye kioo. Vyanzo vyake ni vitatu tu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye ile shiti aliyokuwa anaiandika upya. Nataka nikueleze hii kitu kwa kulitumia faili lake, kwa sababu watu wengi wanakariri maana ya kila kosa kama wanakariri alama za barabarani afu wakikaa mbele ya kompyuta bado hawajui waanzie wapi.

Cha kwanza kabisa, kabla hata hujajiuliza #N/A maana yake nini, jiulize hivi: hili kosa limezaliwa kwenye seli hii au limerithiwa? Kwenye Excel kosa linasafiri. Seli moja ikiwa na kosa, karibu kila fomula inayoitumia seli hiyo inatoa kosa lilelile, na inayoitumia hiyo nayo hivohivo, mpaka mwisho wa mnyororo. Ni kama bomba limepasuka Ubungo afu we uko Sinza unafungua koki huku unailaumu koki. Kwenye muhtasari unachokiona ni koki tu.

Faili lake lilikuwa hivi. Shiti tatu. Ya kwanza inaitwa Bei, kolamu A ina namba ya bidhaa, B jina, C bei ya kuuzia, D bei ya kununulia. Ya pili inaitwa Mauzo, A tarehe, B namba ya bidhaa, C idadi, D bei ambayo inavutwa kutoka shiti ya Bei, E jumla ya mstari, mistari inaanza wa 2 mpaka wa 60, na seli E61 inajumlisha yote. Ya tatu Muhtasari, ambayo B2 inachukua tu E61 ya Mauzo, B3 ni gharama ameandika mwenyewe, B4 faida, B5 faida kwa asilimia, B6 siku za kazi, B7 wastani wa mauzo kwa siku. Fomula zenyewe hizi hapa:

```
Mauzo!D17:     =VLOOKUP(B17,Bei!A:D,3,FALSE)
Mauzo!E17:     =C17*D17
Mauzo!E61:     =SUM(E2:E60)
Muhtasari!B2:  =Mauzo!E61
Muhtasari!B4:  =B2-B3
Muhtasari!B5:  =B4/B2
Muhtasari!B7:  =B2/B6
```

Sasa angalia B5 ya Muhtasari. Ina #N/A. Ukiisoma fomula yake inagawanya B4 kwa B2, hamna kitu pale kinachotafuta chochote, na #N/A ni kosa la kutafuta. Hiyo peke yake inatosha kukwambia kwamba kosa hili si la hapa, ni mgeni. Ukienda B2, nayo inasema tu nenda E61 ya Mauzo. Kwa hiyo dada alipokuwa anaifuta na kuiandika upya B2, hata angeiandika mara mia isingebadilika kitu, fomula ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Njia ya kufuata mnyororo bila kupotea ni rahisi. Simama kwenye seli yenye kosa, bonyeza Ctrl na [ kwa pamoja, Excel inakupeleka kwenye seli ambazo fomula inazitegemea, hata kama ziko shiti nyingine. Ukitaka kurudi ulikotoka bonyeza F5 afu Enter. Au nenda menyu ya Formulas, kwenye Error Checking bofya kale kamshale pembeni uchague Trace Error, inakuchorea mishale kuelekea kosa lilikotoka. Mi mwenyewe napenda zaidi Ctrl na [ kwa sababu mishale ikishakuwa mingi shiti inakuwa kama waya za nguzo za umeme uswahilini.

Ila ukifika kwenye SUM mchezo unabadilika, maana E61 inategemea seli 59 kwa mpigo na huwezi kufuata moja moja. Hapo bonyeza F5, kisha Special, chagua Formulas, toa tiki zote ubakize ya Errors peke yake, OK. Seli zote zenye kosa kwenye shiti zinashikwa kwa pamoja. Kwa dada zikashikwa hizi: D17, D33, D52, halafu E17, E29, E33, E52 na E61 yenyewe.

Tuchambue sasa. E17 ni C17 mara D17, na D17 ina #N/A, kwa hiyo E17 imerithi. Vivyo hivyo E33 na E52. E61 nayo imerithi. Lakini D17 inategemea B17 na shiti ya Bei, na B17 haina kosa, imeandikwa 1045 vizuri kabisa, na shiti ya Bei nayo haina seli hata moja yenye kosa. Seli yenye kosa ambayo hakuna hata seli moja inayoilisha yenye kosa, basi hapo ndo kosa lilipozaliwa. Na hapo ndo pa kuanza kuuliza maana ya kosa. E29 ni kesi ya peke yake, ina #VALUE! na C29 na D29 hazina kosa, nayo imezaliwa palepale. Iweke pembeni tutairudia.

Kwa hiyo D17. #N/A inasema nimetafuta sijaona. Haisemi fomula imekosewa. Kwa hiyo pa kuangalia kwanza ni vitu viwili: kile unachokitafuta, na orodha unayotafutia. Watu wengi wanaenda kuichokonoa fomula, wanabadilisha 3 inakuwa 2, wanatoa FALSE, na hapo ndo wanajiletea balaa kubwa kuliko la mwanzo. Ukitoa FALSE kwenye VLOOKUP, Excel inaacha kutafuta namba ileile na inaanza kutafuta inayokaribiana, na kama orodha yako haijapangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa inaweza kukuletea bei ya sufuria kwenye mstari wa ndoo, bila kosa lolote, namba nzuri tu imekaa pale inakuchekea. Bora #N/A mia kuliko hiyo.

Dada akanionyesha: kaka si hii hapa 1045, kwenye Bei mstari wa 23, mbona ipo? Na kweli ipo, kwa macho. Hapo unaiuliza Excel yenyewe, kwenye seli yoyote tupu pembeni:

```
=B17=Bei!A23
=ISNUMBER(B17)
=ISNUMBER(Bei!A23)
```

Ya kwanza ikatoa FALSE. Yaani kwa Excel hizi 1045 mbili si kitu kimoja. Ya pili TRUE, ya tatu FALSE. Ndo hapo siri ilipo: B17 ni namba, ila ile ya kwenye Bei ni maandishi yanayofanana na namba. Ukitazama vizuri utaona dalili bila hata kuandika fomula, namba halisi inakaa upande wa kulia wa seli na maandishi yanakaa kushoto, na mara nyingi kunakuwa na kapembe ka kijani juu kushoto mwa seli. Shida ni kwamba dada alikuwa ameipanga kolamu yote katikati ili ipendeze, na kapembe alishakazoea hata hakaoni. Ushauri wa bure, kolamu ya namba usiipange katikati, utakuwa umeifuta dalili kwa mkono wako.

Ilikuwaje? Kumbe msambazaji alileta orodha mpya ya bidhaa 12, dada akaikopi akaipesti chini ya orodha ya zamani, na zile 12 zikaja kama maandishi wakati za zamani alizichapa mwenyewe ni namba. Mwezi ule zilizouzwa kati ya zile mpya ni tatu tu ndo maana kosa limetokea mistari mitatu, mingine yote iko sawa, na hii ndo inachanganya watu, unasema fomula ni moja nimeivuta chini yote iweje hapa ikubali pale ikatae. Fomula ikikubali mistari 56 na kukataa 3, shida ni data ya ile 3, usiiguse fomula.

Dawa: shika kolamu A yote ya Bei, nenda menyu ya Data, Text to Columns, halafu bofya Finish bila kubadilisha kitu. Inayasoma upya yale maandishi na yanageuka namba. Angalizo, kama namba zako za bidhaa zinaanza na sifuri, mfano 0045, usifanye hivi maana sifuri za mbele zitaliwa. Hapo fanya kinyume, upande wa pili ndo uugeuze uwe maandishi.

D17 ikaleta bei. D33 ikaleta bei. Tukarudi kuangalia E61, ikawa #VALUE!.

Dada akaruka: kaka umeiharibu, ilikuwa #N/A sasa imekuwa hii! Hapana, hatujaharibu. SUM inapopita kwenye seli zake inatoa kosa la kwanza inalokutana nalo na inaishia hapo. Mwanzo la kwanza lilikuwa E17, #N/A. Tulipoiponya E17, la kwanza likawa E29, ambalo lilikuwepo siku zote ila limefunikwa. Kwa hiyo kosa likibadilika jina baada ya wewe kurekebisha kitu, mara nyingi hiyo ni habari njema, umetoa ganda moja la kitunguu umekuta lingine. Angebonyeza Ctrl na Z pale angerudi nyuma hatua nzima.

#VALUE! yenyewe inasema umenipa kitu cha aina isiyofaa kwa kazi hii. Mara nyingi maana yake umeniambia nizidishe au nijumlishe na humo kuna neno. Pa kuangalia kwanza ni seli zinazolisha ile fomula, moja moja, ukitafuta maandishi. E29 ni C29 mara D29. D29 ni 3,500 safi. C29 imeandikwa:

6 dz

Basi. Kijana wa kaunta aliuza dazani sita za sahani, akaandika alivyozoea kuandika kwenye daftari. Excel haijui dazani ni nini. Na hapa usikimbilie kufuta tu yale maneno ukabakiza 6, maana ile 3,500 ni bei ya sahani moja. Ukifuta neno unapata 21,000 na kosa linaondoka na kila mtu anafurahi, wakati dazani sita ni sahani 72 na pesa halisi ni 252,000. Umemeza 231,000 ya bosi kwa kufuta herufi mbili. Kwa hiyo tuliandika 72, na kolamu C tukaiwekea kizuizi kwenye Data Validation ikubali namba nzima tu, kijana akichapa dz inamgomea palepale.

Mtindo wetu wa kuandika hela ndo unazalisha #VALUE! nyingi sana Bongo. Ukichapa 3,500 Excel inaelewa, ila ukichapa 3,500/= hiyo ni maandishi tayari, Tsh 3500 nayo kwa kawaida hivohivo. Kama unataka alama ionekane, chapa namba tupu halafu ipambe kwenye Format Cells. Mwingine mjanja zaidi ni seli iliyopigwa spesi. Mtu anataka kufuta namba badala ya kubonyeza Delete anabonyeza spesi, seli inaonekana tupu kumbe ina maandishi ya herufi moja isiyoonekana, na fomula yenye kujumlisha kwa + inatoa #VALUE! wakati we unaapa seli haina kitu. Ukiandika =LEN(C29) ikakupa 1 kwenye seli unayoiona tupu, umemkamata.

Na hapa kuna kitu cha kukaa nacho makini. SUM ya seli nyingi haitoi #VALUE! ikikuta maandishi, inayaruka kimyakimya. Ukiandika =A2+A3+A4 na A3 ina 5,000/= unapata kosa, ila ukiandika =SUM(A2:A4) unapata jumla bila ile elfu tano na hakuna anayekwambia. Kwa hiyo jumla ikiwa ndogo kuliko daftari na hamna kosa popote, hesabu =COUNT(A2:A4) uone zimehesabiwa namba ngapi.

Tukaenda E61. Imerudi #N/A. Dada sasa kakaa kimya anacheka tu. Iliyobaki ni D52, ambayo Text to Columns haikuiponya. Namba ya bidhaa 1049, kwenye Bei iko A27, na ISNUMBER bado inasema FALSE. Tukapima urefu wake, palepale kwenye shiti ya Bei:

```
=LEN(A27)
=LEN(TRIM(A27))
```

Zote mbili 5, wakati 1049 ina tarakimu nne. Kuna kitu cha tano hakionekani, na siyo spesi ya kawaida kwa sababu TRIM ingeiondoa. Hii ni spesi ya kurasa za mtandao, namba yake kwa Excel ni 160, inakuja ukikopi kutoka kwenye tovuti, na kweli dada akakumbuka hii moja aliikopi kwenye ukurasa wa msambazaji kwa sababu kwenye orodha namba yake haikuwemo. Kwa seli moja unaweza tu kuichapa upya kwa mkono, ndo tulichofanya. Kama ni mia tatu basi kolamu ya pembeni:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(A27,CHAR(160),""))
```

halafu unakopi majibu na kuyapesti kama Values juu ya yale ya zamani.

E61 ikatoa namba. Muhtasari B2, B4, B5 zikafunguka zote bila kuguswa. B7 ikawa #DIV/0!.

Hii ya mwisho ilikuwa rahisi, B6 ya siku za kazi ilikuwa tupu, alikuwa anasubiri kuhesabu, na Excel seli tupu kwenye kugawanya inaihesabu sifuri. Haikuonekana mwanzo kwa sababu B2 ilikuwa na #N/A ambayo ilifunika. #DIV/0! mimi hata silioni kama kosa sana, mara nyingi linakwambia kuna kitu hujajaza. Angalia kilicho chini ya mstari wa kugawanya, basi. Na AVERAGE nayo inalitoa ikiwa kwenye seli ulizoipa hamna namba hata moja, kwa hiyo ukiona #DIV/0! kwenye wastani na una uhakika namba zipo, rudi kwenye habari ya maandishi yanayojifanya namba. Ukitaka isikusumbue mwanzo wa mwezi andika =IF(B6=0,"",B2/B6), ila ujue ile "" ni maandishi, fomula nyingine ikija kuijumlisha B7 kwa + utapata #VALUE! huko mbele na utasahau ilitoka wapi.

Nimeeleza matatu kwa kirefu maana ndo yanatokea sana dukani. Yaliyobaki yana tabia tofauti, pa kuangalia kwanza ni fomula yenyewe na siyo data.

#NAME? ni neno ambalo Excel haiijui. Umekosea spelingi, umeandika =SUMM, au umesahau funga na fungua semi kwenye neno, umeandika =IF(C2>0,Ndiyo,Hapana) badala ya "Ndiyo" na "Hapana". Kuna moja ya kisasa hii, mtu anatumiwa fomula kwenye wasap anaikopi, na zile alama za semi zimeshageuzwa zikawa zilizopinda, “ ” badala ya " ", Excel haizitambui. Zifute uchape upya kwa kibodi. Nyingine ni toleo: XLOOKUP ipo kwenye Excel 2021 na Microsoft 365, ukilifungua faili hilo ofisini kwenye Excel 2016 namba za zamani zinabaki kuonekana mpaka mtu aguse fomula ihesabiwe upya, hapo inageuka #NAME?, na ukiitazama fomula unakuta imeanza na _xlfn. mbele. Hamna cha kurekebisha hapo zaidi ya kuiandika kwa VLOOKUP.

#REF! ni ya kuogopa kidogo. Inasema anwani niliyokuwa naielekea haipo tena. Mtu kafuta kolamu au mstari au shiti nzima, siyo kufuta kilichomo kwa Delete, hapana, kaing'oa seli yenyewe, na ukisoma fomula unakuta =C5*#REF!, yaani Excel hata haikumbuki palikuwa wapi. Huwezi kufuata mnyororo maana mnyororo umekatwa. Kama ndo sasa hivi umefuta kolamu au mstari bonyeza Ctrl na Z haraka kabla hujafunga faili, kama ni ya juzi itabidi uangalie mstari wa jirani ambao fomula yake bado nzima uone palikuwa na nini. VLOOKUP nayo inatoa #REF! ukiiambia ilete kolamu ya 5 wakati umeipa A:D ambazo ni nne.

#NUM! na #NULL! huwezi kukutana nazo kila siku. Ya kwanza ni hesabu isiyowezekana kama kipeuo cha pili cha namba hasi, =SQRT(-9), au DATEDIF ambayo tarehe ya kuanza iko baada ya ya kumaliza. Ya pili karibu kila mara ni spesi imekaa mahali pa nukta mbili, =SUM(A1 A9).

Sasa lile swali ambalo kila mtu anauliza, na dada aliuliza: si ningeweka tu IFERROR ikaleta sifuri, hayo yote yasingetokea? Kweli, ungeandika =IFERROR(C29*D29,0) na mistari mingine hivohivo, na muhtasari usingekuwa na #N/A hata moja tangu mwanzo. Na zile sahani 72 zingeingia kama sifuri, 252,000 haipo, na zile bidhaa tatu mpya nazo sifuri, na bosi angepewa karatasi nzuri yenye mauzo pungufu afu kijana wa kaunta ndo angeulizwa hela ziko wapi, au zimezidi kwanini. Mi naikubali IFNA mahali pamoja, kwenye ile seli ya kutafuta bei, nayo ikiandika neno siyo sifuri:

```
=IFNA(VLOOKUP(B17,Bei!A:D,3,FALSE),"haipo Bei")
```

Seli ya jumla pembeni itatoa #VALUE! kwa sababu inazidisha neno, na iachwe itoe, ndo kengele yenyewe hiyo.

Tukajaza B6, siku 26. Dada akasogeza kioo karibu amsomee bosi kwenye simu, afu akanigeukia na macho yametoka: B2 imeandika ########. Nikamwambia hiyo wala siyo kosa, namba ni ndefu kolamu ni nyembamba. Nikabofya mara mbili pale juu kwenye mpaka wa B na C, ikatanuka, akaanza kusoma.